Tathmini 14 kwenye wasifu mmoja: kisa cha afisa mazingira wa kiwanda cha minofu

Juni 2023 afisa rasilimali watu wa kiwanda kimoja cha kusindika sangara jijini Mwanza alinipigia simu. Walikuwa wametangaza nafasi ya afisa mazingira, maombi yakaja 63, na yeye alikuwa ameshayachuja yakabaki matano. "Kaka, huyu wa kwanza hana mpinzani," aliniambia. "Nisomee tu, uniambie kama kuna kitu sijakiona."

Nimefanya kazi ya mazingira viwandani kwa miaka mingi na nimesoma wasifu za watu wengi wa fani hii, lakini kisa hiki nimekiandika kwa sababu makosa yake nayaona kila mwaka, na sehemu kubwa ya makosa hayo haikuwa ya mwombaji. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Wasifu wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza kama ilivyo kawaida yetu; mistari ninayoinukuu nimeiweka kwa Kiswahili.

Tangazo lilikuwa na madai matatu ya msingi. La kwanza: awe na uzoefu wa kuandaa Tathmini za Athari kwa Mazingira, yaani TAM. La pili: awe amefanya ukaguzi wa uzingatiaji wa sheria za mazingira. La tatu: awe na uwezo wa kufuatilia hali ya mazingira katika eneo la kiwanda. Dada yule alitengeneza jedwali, akagawa alama karibu sawa kwa sawa, akawa anatafuta maneno hayo ndani ya kila wasifu. Mwombaji wa kwanza alipata 88 kwa 100.

Nilipoufungua wasifu huo nilielewa kwa nini. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene, ulisema: "Nimeandaa TAM 14 za vituo vya mafuta, minara ya simu, hoteli na shule." Chini yake: "Nimefanya kaguzi za mara kwa mara za uzingatiaji wa mazingira." Kazi hiyo aliifanya kwenye kampuni ya ushauri kwa miezi 22. Kisha ukurasa wa tatu, baada ya semina na kozi za kompyuta, kulikuwa na mistari miwili midogo: "Afisa mazingira wa eneo, mradi wa barabara, miezi 16. Kusimamia mpango wa usimamizi wa mazingira. Kupima vumbi, kelele na maji. Kutunza daftari la eneo."

Kabla ya kumgusa mwombaji nilirudi kwenye tangazo. Nilimwomba dada yule mafaili mawili: cheti cha TAM cha kiwanda pamoja na masharti yaliyoambatishwa, na barua zote za mambo ya mazingira walizopokea mwaka uliotangulia. Tangazo la kazi mara nyingi hunakiliwa kutoka kwa jirani. Masharti ya cheti na barua za malalamiko hayanakiliwi. Yanakwambia huyo mtu ataamka asubuhi kufanya nini.

Cheti kilikuwa na masharti 37. Niliyasoma moja moja na kuyaweka kwenye mafungu. Masharti 22 yalihusu kupima, kuandika na kutunza kumbukumbu: majitaka, moshi wa jenereta, kelele, kiasi cha maji yanayovutwa. Mengine 11 yalihusu kuendesha mambo kila siku: mabaki ya samaki yaondoke lini, mafuta machafu yahifadhiwe wapi, gesi ya amonia ya mitambo ya baridi ilindwe vipi. Manne tu ndiyo yaliyogusa upanuzi wa kiwanda na taarifa kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo sote tunaliita NEMC. Kwenye barua, tatu kati ya tano zilihusu kitu kimoja: mafuta yanayoelea ziwani karibu na mdomo wa bomba la kiwanda.

Hapo ndipo mgawanyo wa alama ulipobadilika. Tulikubaliana TAM ibebe 25, ukaguzi 35, ufuatiliaji 40.

Dada yule alishangaa. "Mbona TAM umeishusha? Mkurugenzi anasema tunajenga ukumbi mpya wa kugandishia, tutahitaji TAM."

Ni kweli walikuwa wanapanua, na upanuzi wa namna hiyo haufanyiki chini ya cheti cha zamani bila NEMC kuhusishwa. Lakini chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake, tathmini hufanywa na wataalamu wa mazingira waliosajiliwa, nao huajiriwa na kulipwa na mwenye mradi. Afisa wa kiwanda haandiki tathmini ya kiwanda chake mwenyewe. Kazi yake ni kumsimamia huyo mtaalamu. Anapitia hadidu za rejea aone kama zimegusa majitaka ya zamu ya usiku, anampa takwimu za kweli za matumizi ya maji, anasoma rasimu na kusema "hapa umeandika bwawa letu lina ukubwa ambao halina". Baada ya cheti kutoka ndipo kazi yake inapoanza hasa, maana mpango wa usimamizi wa mazingira ulioandikwa ndani ya ripoti unabaki mikononi mwake kwa miaka.

Kwa hiyo tangazo liliomba kitu ambacho kiwanda hakikihitaji. Mtu aliyeandaa TAM nyingi ni hazina kwa kampuni ya ushauri. Kiwandani unamtaka aliyeishi na masharti ya cheti kimoja hadi akayajua kwa namba zake.

Sasa tuziangalie hizo 14. Miezi 22, tathmini 14, maana yake kila mwezi na nusu hivi inatoka ripoti. Anayejua mlolongo atasita hapo. Mradi husajiliwa, hupangwa daraja, hufuata upeo wa utafiti na hadidu za rejea, ziara za eneo, mikutano na wadau, uandishi wa ripoti, mapitio ya kamati ya wataalamu pamoja na ziara yao, marekebisho, ndipo cheti. Miradi kadhaa huweza kwenda sambamba, na kituo cha mafuta si bwawa la umeme, hivyo idadi hiyo si uongo kwa lazima. Lakini haiwezi kuwa kazi ya mtu mmoja aliyemaliza chuo mwaka uliotangulia. Ni kazi ya timu, naye alikuwa ndani ya timu. Swali ni alishika nini.

Neno lililonishtua ni "nimeandaa". Kwenye wasifu za fani yetu, kitenzi ndicho kinachobeba uzito wote. "Nimeandaa" inaweza kumaanisha nimeongoza timu na kutia saini, nimeandika sura ya athari na hatua za kuzipunguza, au nimekwenda vijijini kukusanya maoni na mahudhurio. Zote ni kazi halali, ila hazilingani. Uzuri ni kwamba zipo karatasi za kuzitenganisha. Ripoti ya TAM huwa na ukurasa wa wataalamu walioshiriki, wenye majina, majukumu na saini. Na mtaalamu aliyesajiliwa ana namba ya usajili ambayo inaweza kuulizwa NEMC. Wasifu huu haukuwa na namba ya usajili mahali popote, wala neno "msaidizi". Kwenye karatasi nilimpa 12 kati ya 25: ameuona mchakato kwa karibu, anajua lugha yake, na hilo litamsaidia kumsimamia mshauri. Zaidi ya hapo sikuwa na ushahidi.

Kwenye ukaguzi ndiko tulikozungumza muda mrefu zaidi, na tatizo lilianzia kwenye neno lenyewe. Kiswahili chetu kinatumia "ukaguzi" kwa mambo ambayo kazini ni tofauti kabisa. Mkaguzi wa mazingira anapokuja getini na kitambulisho chake, huo ni ukaguzi. Kiwanda kinapojipima chenyewe dhidi ya masharti ya cheti, sharti kwa sharti, na kuandika hoja, huo nao ni ukaguzi. Na anapokuja mkaguzi wa nje kuangalia kama mfumo wa usimamizi unafuata kiwango cha ISO 14001, huo pia tunauita hivyo hivyo. Mwombaji anayeandika "nimefanya kaguzi za mara kwa mara" anaweza kuwa alimsindikiza mtu akiwa amebeba kamera, anaweza kuwa aliongoza zoezi zima, na anaweza kuwa ndiye aliyekuwa anakaguliwa.

Nilimwambia dada: kila mstari wa ukaguzi uulize mambo matatu. Nani alimkagua nani? Alikaguliwa dhidi ya nini: cheti, kanuni, au kiwango cha kimataifa? Na hoja zilizotoka, ngapi zilifungwa na kwa tarehe gani? Mstari wenye majibu hayo unasomeka hivi: "Nilikagua kituo dhidi ya masharti 29 ya cheti, nikaandika hoja 11, 9 zikafungwa ndani ya siku 60, 2 zikapelekwa kwa uongozi kwa sababu zilihitaji fedha." Mstari wa namna hiyo hauandikwi na mtu ambaye hakuwepo. Hasa hizo mbili zisizofungwa. Anayetunga huwa anafunga zote.

Mstari wa mwombaji wetu haukujibu hata moja. Kwenye karatasi nikampa 12 kati ya 35, na hata hizo nilizitoa kwa sababu ya ukurasa wa tatu. Miezi 16 kwenye barabara maana yake mhandisi mshauri alikuwa anampitia kila mwezi, na huenda wakaguzi wa serikali walifika. Mtu aliyekaa upande wa kujibu hoja anajua kitu ambacho mkaguzi hakijui: uchungu wa kumshawishi msimamizi wa eneo asimamishe tingatinga.

Ufuatiliaji ndio uliobeba uzito, kwa hiyo niliusoma polepole. Kwanza nieleze kiwanda chenyewe kilivyo, maana bila hapo alama hazieleweki. Sangara huingia, hukatwa minofu, na maji mengi hutumika kuosha samaki, meza na sakafu. Maji hayo hutoka na damu, mafuta na vipande vya nyama. Yakiingia ziwani, vijidudu vinavyokula uchafu huo hutumia oksijeni ya maji, na kiasi hicho cha oksijeni ndicho tunachokipima na kukiita BOD. Viwango vyetu vya majitaka yanayoruhusiwa kutoka vinataka BOD isizidi miligramu 30 kwa lita, na kipimo kingine kinachohesabu uchafu wote unaoweza kuunguzwa kwa kemikali, COD, kisizidi 60. Maji yanayotoka ukumbi wa minofu kabla ya kutibiwa huwa mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo kibali cha kutiririsha majitaka kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria si karatasi ya kutundika ukutani; kinasimama au kinaanguka kwa sampuli.

Wasifu za ufuatiliaji zina alama zake za kutambulika. Mwombaji mwingine katika wale watano aliambatisha jedwali la matokeo ya miezi mitano. Mwezi wa tatu uliandikwa BOD 28 na COD 22. Hilo haliwezekani kwenye maji yale, kwa sababu COD inahesabu vyote ambavyo vijidudu vingevila pamoja na ambavyo visingevila. Lazima iwe sawa au kubwa kuliko BOD. Ama maabara ilikosea na yeye hakuona, ama jedwali lilijazwa mezani. Kwangu yote mawili yana uzito mmoja, maana kazi ya afisa ni kuikataa namba kama hiyo siku inapofika.

Alama nyingine ni namba zinazofurahisha mno. Mtu akiandika kwamba alishusha BOD kutoka 1,200 hadi 28 kwa kusafisha mtego wa mafuta kila wiki, fanya hesabu. Kiwanda kikitoa mita za ujazo 150 kwa siku, huo ni mzigo wa kilo 180 kwa siku unaotakiwa kushuka hadi karibu kilo 4. Mtego wa mafuta hunasa kinachoelea. Damu iliyoyeyuka inapita chini yake kama kawaida. Namba hiyo inahitaji hatua ya kibiolojia, mabwawa au tangi lenye hewa, na kama halikutajwa popote basi kuna jambo. Au sampuli ilichukuliwa saa moja asubuhi kabla kazi haijaanza, maji meupe. Au ilichukuliwa wakati sakafu imetoka kuoshwa kwa klorini, ambayo inaua vijidudu vya kipimo chenyewe na kuifanya BOD ionekane ndogo kuliko ilivyo, ikiwa maabara haikuiondoa kwanza.

Mwombaji wetu hakuwa na namba za kufurahisha. Alikuwa na mistari miwili tu, lakini ndani yake kulikuwa na maneno manne ambayo watu wa mezani hawayaandiki: "kutunza daftari la eneo". Watu wa ripoti huandika "kuandaa taarifa ya mwezi". Daftari la eneo ni kitu kingine. Ni kitabu kinachokaa mfukoni, kina saa, hali ya hewa, namba ya kifaa, na jina la dereva aliyemwaga oili. Nilimpa 26 kati ya 40. Nikakata 14 kwa sababu barabara si kiwanda; hakukuwa na dalili yoyote kwamba amewahi kusimamia mtambo wa majitaka.

Jumla ikawa 50. Kutoka 88.

"Basi tumtoe?" dada aliuliza.

Nilimwambia amwite, tena awe wa kwanza. Alama 50 zilikuwa za karatasi, na karatasi ilikuwa imepangwa vibaya: kazi iliyokuwa inatafutwa ilikuwa ukurasa wa tatu, na kazi isiyohitajika ilikuwa imeandikwa kwa herufi nene. Waombaji wengi vijana wanafanya hivyo kwa sababu matangazo yanawafundisha hivyo. Tangazo linasema TAM, nao wanapandisha TAM juu. Tulimwandikia aje na vitu viwili: kurasa za wataalamu kutoka ripoti zozote alizoshiriki, na daftari la eneo kama bado analo.

Alikuja na vyote. Binti wa miaka isiyofika 30, mtulivu. Kurasa za ripoti zilikuwa tatu, zote zikimtaja kama msaidizi wa utafiti.

Nilimuuliza, "Na hizo nyingine 11?"

"Nilikwenda kukusanya maoni ya wananchi na kuandika mihtasari ya mikutano. Jina langu halimo. Mwalimu aliyenisaidia kuandika wasifu alisema niandike nimeandaa."

Hakuyumba. Alama zake za TAM zilibaki 12, na sikuona sababu ya kumpunguzia.

Kwenye ukaguzi nilimwomba anisimulie hoja moja aliyoandikiwa na jinsi alivyoifunga. Alifungua daftari, kurasa zake zimevimba kwa mvua, akatafuta tarehe. Kambi ya mkandarasi ilikuwa na tangi la dizeli la lita 10,000 lililonyanyuliwa juu ya miguu ya chuma, limezungukwa na ukuta wa kuzuia mafuta yasitiririke likipasuka. Mhandisi mshauri aliandika hoja kwamba ukuta una ufa. Mkandarasi akaziba ufa, akataka hoja ifungwe. Yeye alichukua futi kamba akapima ndani ya ukuta: mita 4 kwa 3.5, kimo sentimita 60. Hiyo ni mita za ujazo 8.4, yaani lita 8,400. Tangi likipasuka likiwa limejaa, lita 1,600 zinapita juu ya ukuta kwenda mtoni. Utaratibu wa kazi ni ukuta ubebe asilimia 110 ya tangi, yaani lita 11,000. Akaandika kwamba ukuta upandishwe hadi sentimita 80, ambazo zinatoa lita 11,200. Msimamizi wa eneo alibishana naye siku 12. Tarehe ya kukubali ilikuwemo, tarehe ya saruji kumwagwa ilikuwemo, na pembeni alikuwa ameandika kwamba koki ya kutolea maji ya mvua ilikutwa wazi, akaifunga na kuweka kufuli.

Hoja aliyopewa ilikuwa ufa. Aliyoifunga ilikuwa kubwa zaidi ya ile. Huo ndio ukaguzi ambao masharti 37 yanauhitaji, nikampandisha kutoka 12 hadi 24. Sikumpa zaidi kwa sababu hakuwahi kupanga ukaguzi mzima mwenyewe, kuanzia orodha ya masharti hadi ripoti, na alisema hivyo.

Ufuatiliaji ulikuwa na swali moja la vitendo. Niliweka mezani chupa mbili, ya plastiki na ya kioo, nikamwambia anataka kupima mafuta na grisi kwenye majitaka ya kiwanda. Achukue ipi?

Alichukua ya plastiki. "Naisuuza kwanza kwa maji yenyewe," alisema, "kisha naiweka kwenye boksi la barafu."

Amekosea. Mafuta hung'ang'ania kuta za plastiki, hivyo sampuli yake huchukuliwa kwa chupa ya kioo, isiyosuuzwa kwa maji yale, na huongezwa asidi kidogo ili isiharibike njiani. Boksi la barafu alilipata sawa, na alipoulizwa kuhusu BOD alijua kwamba sampuli haivumilii kukaa, inatakiwa ifike maabara mapema ikiwa baridi, na kwamba pH na jotoridi hupimwa pale pale ukingoni. Kwenye mafuta hakujua. Barabarani hakuwahi kuyapima. Nilimweleza, naye akaandika kwenye daftari lile lile, chini ya ukurasa wa mwisho. Kwa daftari lake lilivyotunzwa nilimwongezea alama mbili, 28. Jumla mpya ikawa 64.

Katika wale watano hakuna aliyevuka 66, na huyo wa 66 alikuwa fundi mzuri wa mitambo ya majitaka kutoka kiwanda cha vinywaji ambaye ukaguzi wake ulikuwa dhaifu. Nilimweleza dada wazi kwamba tofauti ya alama mbili kwa kipimo nilichokitunga mwenyewe si tofauti. Uamuzi ulikuwa wake na wa mkurugenzi: wamchukue anayejua mtambo wamfundishe masharti, au anayejua masharti wamfundishe mtambo. Kwa upande wangu niliandika kwamba chupa na asidi hufundishwa kwa wiki moja, na mtambo kwa miezi michache chini ya fundi aliyepo, wakati kupima ukuta ambao hukuombwa kuupima sijui namna ya kumfundisha mtu. Niliandika pia kwamba wakimchukua, asiachwe peke yake na sampuli za kibali kwa miezi mitatu ya kwanza, na kwamba tangazo libadilishwe kabla halijatumika tena: pasemwe "awe amesimamia utekelezaji wa masharti ya cheti cha TAM", na neno "kuandaa" liondoke.

Kabla hawajaamua, waliwatembeza wote wawili kiwandani, mmoja mmoja. Nilikuwepo. Fundi wa vinywaji aliangalia pampu na tangi la hewa, akauliza maswali mazuri kuhusu tope linalobaki chini. Binti alipofika mwisho wa bomba, pale pa kuchukulia sampuli penye kibao cha rangi ya kijani, alisimama akaangalia juu badala ya chini. Kulikuwa na bomba la plastiki linaloshuka kutoka paa la ukumbi wa baridi, likiingia kwenye mfereji hatua kama sita kabla ya kibao.

"Hili ni la maji ya mvua?" aliuliza.

Msimamizi wa matengenezo alisema ndiyo.

"Na kwenye cheti, sampuli inatakiwa ichukuliwe kabla maji ya mvua hayajaingia au baada?"

Hakuna aliyejibu. Dada yule alifungua faili alilokuwa amelishika, akatafuta sharti la 19, akalisoma kimoyomoyo, kisha akanipa mimi nilisome.